Zabuni Ikikataliwa: Siku Tano za Kwanza za Mzabuni

Mzabuni anayeamini kwamba zabuni yake imekataliwa isivyo halali anayo haki ya kulalamika, na haki hiyo imewekwa wazi na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023. Hata hivyo, ni haki yenye muda mfupi sana. Mafundi na wafanyabiashara wengi huipoteza kwa sababu waliitafuta pasipostahili au waliikumbuka siku zilipokwisha, ingawa hoja zao zilikuwa na uzito. Makala haya yanaeleza njia hiyo hatua kwa hatua kwa mfano wa zabuni moja ya ujenzi wa zahanati katika Kata ya Nyarero. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya maelezo. Haumhusu mzabuni yeyote wala zabuni yoyote iliyokwisha kutangazwa.

Nani hulalamikiwa

Jambo la kwanza ni kumjua mwenye zabuni. Si kila kazi ya umma inayofanyika Nyarero ni ya Halmashauri ya Wilaya. Barabara za vijijini zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, na miradi ya maji ya vijijini husimamiwa na RUWASA. Kila chombo kinachotangaza zabuni huitwa taasisi nunuzi, na kila taasisi nunuzi ina afisa masuuli wake, ambaye ndiye mwenye dhamana ya mwisho juu ya ununuzi wake. Katika Halmashauri, afisa masuuli ni Mkurugenzi Mtendaji.

Lalamiko la kwanza hupelekwa kwa afisa masuuli wa taasisi iliyotangaza zabuni husika. Mzabuni aliyeshindwa katika kazi ya daraja la TARURA, kisha akapeleka barua yake kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, amebisha mlango usio wake, na siku zake zinaendelea kuhesabiwa wakati barua ikizunguka ofisini. Jina la taasisi nunuzi na la afisa masuuli wake hupatikana katika nyaraka za zabuni zilizomo kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma.

Vilevile, lalamiko halipelekwi kwa diwani, kwa mjumbe wa kamati ya tathmini wala kwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Viongozi hao wanaweza kusikiliza malalamiko ya wananchi, lakini hawana mamlaka ya kisheria ya kupitia upya uamuzi wa zabuni. Muda uliotumika kuwaendea haurudishwi.

Taarifa inayoanzisha hesabu

Tathmini ya zabuni inapokamilika na bodi ya zabuni kuidhinisha matokeo yake, afisa masuuli hasaini mkataba papo hapo. Hutoa kwanza taarifa ya kusudio la kutoa tuzo kwa wazabuni wote walioshiriki. Taarifa hiyo hutaja jina la mzabuni anayekusudiwa kupewa kazi, bei ya mkataba, muda wa utekelezaji au wa kuleta bidhaa, na sababu zilizofanya kila mzabuni mwingine asifanikiwe. Kipindi kinachofuata kimewekwa makusudi ili asiyeridhika aseme kabla mkataba haujafungwa.

Katika mfano wetu, Halmashauri imetangaza ujenzi wa jengo la zahanati na wazabuni watatu wameshiriki. Mzabuni wa kwanza ametaja bei ya shilingi 148,600,000. Wa pili ametaja shilingi 139,200,000, nayo ndiyo bei ya chini kuliko zote. Wa tatu, anayekusudiwa kupewa kazi, ametaja shilingi 161,900,000. Siku ya Alhamisi, tarehe 2 Julai 2026, wote watatu wanapokea taarifa kupitia NeST. Wa kwanza anaelezwa kwamba hakuonyesha mikataba miwili ya kazi zinazofanana na hiyo. Wa pili anaelezwa kwamba hakuwasilisha tamko la dhamana ya zabuni.

Wakati mwingine taarifa hutaja sababu ya jumla mno, kwa mfano kwamba mzabuni "hakukidhi vigezo". Mzabuni anaweza kuandika na kuomba afafanuliwe ni kigezo kipi. Asidhani, hata hivyo, kwamba ombi hilo limesimamisha muda. Lililo salama ni kuwasilisha lalamiko ndani ya siku zake, na kuifanya sababu hiyo isiyoeleweka kuwa mojawapo ya hoja za lalamiko lenyewe, kwa kuwa taarifa isiyosema sababu mahususi imepungukiwa na jambo linalotakiwa.

Jinsi siku zinavyohesabiwa

Sheria ya mwaka 2023 inampa mzabuni siku tano za kazi kuwasilisha lalamiko kwa afisa masuuli, tangu alipojua, au alipopaswa kujua, jambo analolilalamikia. Chini ya sheria iliyotangulia siku hizo zilikuwa saba. Mzabuni mkongwe anayetegemea mazoea ya zamani anaweza kuchelewa kwa siku mbili bila kujua.

Siku za kazi haziingizi Jumamosi, Jumapili wala sikukuu za kitaifa. Kwa mfano wetu, taarifa ilipokelewa Alhamisi ya tarehe 2 Julai, na siku hiyo haihesabiwi. Ijumaa tarehe 3 ni siku ya kwanza, Jumatatu tarehe 6 ni ya pili. Jumanne tarehe 7 ni Sabasaba, hivyo inarukwa. Jumatano tarehe 8 inakuwa ya tatu, Alhamisi tarehe 9 ya nne, na Ijumaa tarehe 10 Julai ndiyo ya tano na ya mwisho.

Maneno "alipopaswa kujua" yana uzito wake. Mzabuni hawezi kukaa wiki mbili bila kufungua akaunti yake ya NeST, kisha akadai kwamba hesabu yake ianze siku alipoifungua. Taarifa ikishafika katika akaunti yake, alipaswa kuijua. Kwa hiyo aliyewasilisha zabuni na anayesubiri matokeo hana budi kuitazama akaunti hiyo kila siku ya kazi, na kuhakikisha kwamba namba ya simu na anwani ya baruapepe alizosajili bado anazitumia.

Kupima kama lalamiko lina msingi

Kabla ya kuandika, mzabuni hukaa na nyaraka mbili mbele yake: nyaraka za zabuni zilizotolewa na taasisi nunuzi, na zabuni aliyoiwasilisha yeye mwenyewe. Kanuni inayoongoza tathmini ni kwamba zabuni hupimwa kwa vigezo vilivyoandikwa katika nyaraka za zabuni, na kwa hivyo tu. Kamati ya tathmini haina ruhusa ya kuongeza kigezo baada ya zabuni kufunguliwa, hata kama kigezo hicho kingekuwa cha busara. Haina ruhusa pia ya kukisamehe kigezo cha lazima kwa mzabuni mmoja na kumbana nacho mwingine.

Mzabuni wa kwanza anafungua sehemu ya vigezo vya uzoefu na kukuta imeandikwa kwamba mzabuni aonyeshe angalau mkataba mmoja wa kazi inayofanana, uliokamilika ndani ya miaka mitano. Yeye aliambatanisha mkataba mmoja wa ujenzi wa madarasa pamoja na hati ya kukamilika kwa kazi. Bado hajamaliza, kwa sababu nyaraka za zabuni zinaweza kurekebishwa kwa nyongeza kabla ya muda wa mwisho wa kuwasilisha. Kama ilitolewa nyongeza iliyobadilisha mkataba mmoja kuwa miwili, nyongeza hiyo ni sehemu ya nyaraka na lalamiko lake halitasimama. Anapekua NeST na kukuta hapakuwa na nyongeza yoyote. Sasa ana hoja iliyo wazi: amekataliwa kwa kigezo kisichokuwapo.

Mzabuni wa pili yuko katika hali tofauti. Nyaraka zilimtaka kila mzabuni awasilishe tamko la dhamana ya zabuni, yaani hati iliyosainiwa ambayo kwayo huahidi kutoiondoa zabuni yake katika muda wa uhalali wake, na kukubali kufungiwa akikiuka ahadi hiyo. Yeye hakuiambatanisha. Anahisi kuonewa kwa sababu bei yake ni ndogo kuliko ya mshindi kwa shilingi 22,700,000, na yuko tayari kuileta hati hiyo leo. Lakini bei hulinganishwa baina ya zabuni zilizotimiza masharti ya lazima. Iliyokosa sharti la lazima haifiki katika mizani ya bei. Wala upungufu wa aina hiyo hauponywi baada ya zabuni kufunguliwa, kwani kufanya hivyo kungempa mzabuni mmoja nafasi ya kutengeneza upya zabuni yake wakati wenzake wamekwisha kufunga zao. Taasisi nunuzi inaweza kumwomba mzabuni ufafanuzi, lakini ufafanuzi haubadilishi bei wala kiini cha zabuni.

Swali pekee linaloweza kumfaa mzabuni wa pili ni hili: je, mshindi mwenyewe aliwasilisha tamko hilo? Kama mshindi naye alilikosa na akasamehewa, sharti limetumika kwa upendeleo, na hilo linaweza kulalamikiwa. Kama alilitimiza, mzabuni wa pili hana lalamiko, na kuzitumia siku zake kuandaa zabuni nyingine kutamfaa zaidi.

Kuandika lalamiko

Lalamiko zuri huwa fupi. Lenye kurasa nyingi za manung'uniko kuhusu upendeleo usiothibitishwa humchosha msomaji na kuificha hoja. Mzabuni wa kwanza ataje namba na jina la zabuni, tarehe aliyopokea taarifa, uamuzi anaoupinga, kifungu cha nyaraka za zabuni kilichokiukwa, ushahidi wake, hasara aliyoipata au anayoelekea kuipata, na nafuu anayoiomba.

Kiini cha lalamiko lake kinaweza kuandikwa hivi: "Mlalamikaji amekataliwa kwa kutowasilisha mikataba miwili ya kazi zinazofanana. Sehemu ya vigezo vya tathmini katika nyaraka za zabuni hii ilitaka mkataba mmoja, na hapakuwa na nyongeza iliyorekebisha sharti hilo. Mlalamikaji aliwasilisha mkataba mmoja pamoja na hati ya kukamilika kwa kazi, ambazo zimeambatanishwa. Anaomba kusudio la kutoa tuzo litenguliwe na zabuni yake ifanyiwe tathmini upya kwa vigezo vilivyomo katika nyaraka za zabuni." Mistari hii michache inatosha kubeba shauri lote.

Inafaa kutambua kwamba mlalamikaji hakuomba apewe kazi. Kupita katika kigezo cha uzoefu hakumaanishi kupita katika vigezo vyote vilivyobaki. Anachostahili kwa hoja hii ni kupimwa kwa haki, na akipita, bei yake iliyo chini ya ya mshindi kwa shilingi 13,300,000 itajisemea.

Tangu mwaka 2025 mfumo wa NeST una moduli ya kuwasilishia malalamiko na rufani kwa njia ya kielektroniki. Mlalamikaji hutumia akaunti ileile aliyowasilishia zabuni, huambatanisha nyaraka zake na kuhifadhi uthibitisho wenye tarehe na saa. Kungoja jioni ya siku ya mwisho ni hatari kwa anayetegemea mtandao wa kijijini, maana umeme ukikatika Ijumaa alasiri, Jumatatu ni siku ya sita.

Afisa masuuli anapopokea lalamiko, mchakato wa zabuni husimama mpaka litolewe uamuzi. Sheria inatoa nafasi ya kuondoa usimamishaji huo pale manufaa ya umma yanapodai haraka, lakini hiyo ni hali ya pekee inayotakiwa kuelezwa kwa sababu.

Afisa masuuli akikataa, au akinyamaza

Afisa masuuli naye ana siku tano za kazi za kutoa uamuzi wa maandishi wenye sababu. Lalamiko la mfano wetu lilipofika Ijumaa tarehe 10 Julai, siku zake zilianza Jumatatu tarehe 13 na kuisha Ijumaa tarehe 17.

Hapa ndipo wengi hukwama. Tarehe 17 inapita bila jibu. Mlalamikaji anapiga simu, anaambiwa barua iko mezani, anashauriwa avute subira hadi wiki ijayo. Anavuta subira kwa nia njema, huku muda wake wa kukata rufani ukipita. Sheria haimlazimishi kungoja jibu lililochelewa: siku za afisa masuuli zikiisha bila uamuzi, mlalamikaji anaweza kwenda hatua inayofuata, na ana siku tano za kazi kufanya hivyo. Kwa mfano huu, siku hizo ni kuanzia Jumatatu tarehe 20 hadi Ijumaa tarehe 24 Julai. Kama jibu lilitolewa ndani ya muda na halikumridhisha, siku tano huhesabiwa tangu alipolipokea.

Hatua hiyo inayofuata ni Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma, ijulikanayo kwa kifupi kama PPAA. Isichanganywe na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, yaani PPRA, ambayo husimamia mwenendo wa ununuzi na mfumo wa NeST. PPRA ni mdhibiti. PPAA ndiyo inayosikiliza rufani. Taarifa iliyopelekwa PPRA haihesabiki kuwa rufani.

Kuna hali moja ambayo mzabuni humruka afisa masuuli na kwenda moja kwa moja PPAA, nayo ni pale mkataba unapokuwa umekwisha kuanza kutumika. Mkataba ukishafungwa, afisa masuuli hana tena uwezo wa kulipitia upya jambo hilo. Nje ya hali hiyo na ile ya ukimya, aliyekimbilia PPAA bila kupita kwa afisa masuuli hujikuta rufani yake ikitupwa bila hoja zake kusikilizwa.

Mbele ya Mamlaka ya Rufani

Rufani huambatana na maelezo ya madai, nakala ya lalamiko la awali, uamuzi wa afisa masuuli kama upo, na ada iliyowekwa na kanuni. Taasisi nunuzi hupewa nakala na kutakiwa kujibu, pamoja na kuwasilisha kumbukumbu za zabuni, ikiwamo taarifa ya tathmini. Kisha pande zote mbili husikilizwa.

Swali la kwanza ambalo Mamlaka hujiuliza ni la muda na utaratibu: je, rufani hii imefika ipasavyo? Jibu likiwa hapana, shauri huishia hapo. Ndiyo maana tarehe zimepewa nafasi kubwa katika makala haya kuliko hoja zenyewe. Jibu likiwa ndiyo, Mamlaka hulinganisha sababu ya kukataliwa na maneno ya nyaraka za zabuni, kama vile mzabuni wa kwanza alivyofanya mezani kwake. Hoja mpya ambazo hazikuwahi kupelekwa kwa afisa masuuli huwa na njia ngumu, hivyo yote ya muhimu yasemwe tangu lalamiko la kwanza.

Sheria inaipa Mamlaka siku 40 kutoa uamuzi. Ikiona rufani ina msingi, inaweza kutengua kusudio la kutoa tuzo, kuamuru tathmini irudiwe kwa kufuata sheria, kuamuru zabuni ianze upya, au kuamuru mlalamikaji alipwe gharama zinazostahili. Haifanyi kazi ya kamati ya tathmini, na kwa kawaida haimkabidhi mrufani mkataba. Pale mkataba unapokuwa umekwisha kufungwa, nafuu hupungua, na mrufani anaweza kubaki na haki ya kufidiwa gharama badala ya nafasi ya kujenga. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya kulalamika tarehe 10 Julai na kulalamika mwezi mmoja baadaye.

Uamuzi wa PPAA unazibana pande zote na unaweza kutekelezwa kisheria. Asiyeridhika nao, awe mzabuni au taasisi nunuzi, anaweza kuomba mapitio katika Mahakama Kuu. Mahakama hutazama kama Mamlaka ilifuata sheria na kutenda haki. Haipimi upya ubora wa zabuni.

Kinachopaswa kuwa tayari kabla ya matokeo

Siku tano za kazi hazitoshi kuanza kutafuta karatasi. Mzabuni anayeshiriki katika zabuni yoyote ahifadhi, siku ileile anapowasilisha, nakala kamili ya nyaraka za zabuni pamoja na nyongeza zake zote, nakala ya zabuni yake kama ilivyopakiwa, na uthibitisho wa kupokelewa. Taarifa ya kusudio la kutoa tuzo ikifika, aandike tarehe yake, ahesabu siku tano kwenye kalenda akiziruka sikukuu, na aizungushie duara siku ya tano. Kisha asome sababu aliyopewa, na kuitafuta neno kwa neno katika nyaraka za zabuni. Akiikuta humo, amepata fundisho la zabuni ijayo; asipoikuta, ana lalamiko, na analijua litakapopelekwa.